Konsonanti ya Kati: Namna Kiarabu Kinavyomwita Mwoka Mikate, Mshona Nguo na Dereva

Mtu wa Mombasa au Unguja anayekwenda Muscat, Dubai au Jeddah kutafuta kazi huanza kuzoea maneno fulani kabla hata hajajua kuomba maji kwa Kiarabu. Duka la mshona nguo limeandikwa *khayyaat*. Kwa kinyozi pameandikwa *hallaaq*. Anayetoa mikate ya moto alfajiri ni *khabbaaz*, na kijana wa Kikenya aliyeajiriwa kuwaendesha watoto wa tajiri shuleni huitwa *sawwaaq* na nyumba nzima. Akikaa mwezi mmoja hivi huongeza *najjaar*, seremala; *haddaad*, mhunzi; *tabbaakh*, mpishi; *jazzaar*, muuza nyama. Mwenye sikio jepesi huanza kushuku kwamba maneno haya yana kitu kimoja ndani yake. Anashuku sawasawa, na kitu hicho amekuja nacho kutoka kwao bila kujua, maana dalali anayemtafutia mtu nyumba Kariakoo, hamali wa bandarini na bawabu wa mlangoni ni maneno ya ukoo huohuo.

Wanazuoni wa sarufi ya Kiarabu huuita umbo la *fa''aal*. Kwa Kiswahili cha kawaida tuseme ni kalibu. Kiarabu hujenga sehemu kubwa ya maneno yake kwa kuchukua konsonanti tatu, ambazo ndizo mzizi wenye maana, na kuzimimina katika kalibu yenye irabu zake maalumu. Ili kuzitaja kalibu hizo, wanazuoni walichagua mzizi mmoja wa mfano, ule wa kitenzi cha kutenda, wenye herufi *fa*, *ain* na *lam*. Fa husimama mahali pa konsonanti ya kwanza ya mzizi wowote, ain mahali pa ya pili, lam mahali pa ya tatu. Kwa hiyo mtu akisema *fa''aal* anatoa maelekezo: weka konsonanti ya kwanza na irabu a fupi, kaza ya pili isikike mara mbili, ifuate kwa a ndefu, kisha malizia na ya tatu.

Tuijaribu kwa mkate. Mzizi ni kh-b-z, ule unaoonekana katika *khubz*, yaani mkate, na *khabaza*, alioka mkate. Weka kha, kaza b, vuta a, funga kwa z: *khab-baaz*. Hapo tayari una mwoka mikate. Ukichukua t-b-kh ya kupika utapata *tabbaakh*. Ukichukua h-l-q ya kunyoa utapata *hallaaq*. (Hiyo q ni k inayotoka mbali kooni, aliyepita chuo cha Kurani anaijua kama qaf, na anajua pia kwamba alama ya kukaza herufi huitwa shada.) Kipande kinachobeba kazi yote ni huko kukaza katikati. Ulimi lazima utue juu ya konsonanti ile, usimame kidogo, ndipo uiachie. Ukipita juu yake haraka umeshasema neno jingine.

Mkate ni rahisi kwa sababu konsonanti zake tatu zote ni ngumu. Mshona nguo na dereva wana ugumu wao, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Alishona kwa Kiarabu ni *khaata*, na aliendesha ni *saaqa*. Ukihesabu konsonanti unapata mbili tu, kha na ta, sin na qaf. Ya kati imekwenda wapi? Imemezwa. Mizizi ya aina hii ina w au y katikati, herufi dhaifu ambazo zikizungukwa na irabu a huyeyuka na kuacha a ndefu peke yake. Kuna njia moja ya kuitambua iliyozama: angalia kitenzi cha wakati uliopo. Anashona ni *yakhiitu*. Ile i ndefu inakuambia aliyezama ni y. Anaendesha ni *yasuuqu*. U ndefu inakuambia ni w. Sasa rudi kwenye kalibu. Kalibu inataka konsonanti ya kati ikazwe, na herufi iliyokazwa haiwezi kumezwa, kwa hiyo y na w zinalazimika kujitokeza waziwazi: *khay-yaat*, *saw-waaq*. Mwanafunzi anayesema *khaat* au *saaq* amejenga kwa kitenzi alichokisikia badala ya mzizi. Zaidi ya hayo *saaq* ni neno jingine kabisa, maana yake ni muundi wa mguu.

Udhaifu ukiwa mwishoni hutokea jambo jingine. Mwashi anatoka katika b-n-y, kujenga, lakini hakuna anayesema *bannaay*. Ile y ya mwisho, ikitanguliwa na a ndefu, hugeuka kuwa hamza, mkato mdogo wa pumzi kooni: *bannaa'*. Basi. Ukishajua mambo hayo mawili, la katikati na la mwishoni, una uwezo wa kuunda jina la fundi kutoka katika mizizi mingi ya Kiarabu, na hata likiwa neno ambalo hukuwahi kulisikia, mwenye lugha atakuelewa.

Lakini kwa nini kukaza herufi kumpe mtu kazi? Kiarabu kina njia nyingine, nyepesi zaidi, ya kumtaja mtendaji, nayo ni kalibu ya *faa'il*. Kutoka k-t-b ya kuandika unapata *kaatib*, mwenye kuandika, ambaye kwetu amekuwa katibu. Kalibu hii husema kwamba mtu anafanya au amefanya jambo, hata mara moja. *Kaadhib* ni aliyesema uongo. Ukikaza dhal na kusema *kadhdhaab*, umemtuhumu kwa kitu kizito zaidi: huyu uongo ndiyo tabia yake, akiamka anadanganya, akilala amedanganya. Wanazuoni huziita kalibu za namna hii miundo ya *mubaalagha*, ya kuzidisha. Kiswahili kilipokea maneno machache ya upande huu wa tabia. Fatani, mtu wa kuchochea fitina kila anapokaa, ni *fattaan*. Ayari, mlaghai mwenye mbinu, ni *ayyaar*.

Upande huohuo wa kuzidisha ndio uliotupa majina yanayotajwa kila siku katika nyumba za Waislamu wa pwani. Anayetoa riziki, kwa mzizi wa r-z-q, angeweza kuitwa *raaziq*. Jina la Mungu lakini ni *Razzaaq*, mwenye kutoa riziki tena na tena, kwa kila kiumbe, bila kuchoka. Mwenye kupokea toba ni *Tawwaab*. Mwenye kusamehe ni *Ghaffaar*. Riziki na toba ni maneno yetu ya kila siku, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaweza kuuona mzizi na kalibu kwa pamoja, jambo ambalo si kila mgeni wa Kiarabu amejaliwa. Mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, amebeba kalibu hii katika jina lake: mja wa Razzaaq. Akina Abduljabari, Abdulfatahi na Abdulwahabu nao vivyo hivyo.

Kwa hiyo jibu la kwanza, ambalo walimu wengi hulitoa, ni kwamba kazi ni tendo lililorudiwa hadi likawa maisha ya mtu. Aliyeoka mkate leo ameoka. Anayeoka kila alfajiri mwaka hadi mwaka ni khabbaaz, na ulimi unaorudia konsonanti unafuatisha mkono unaorudia kazi. Kiswahili chenyewe kina hisia iliyo karibu na hiyo. Mwenye kushika kitabu mara moja hatumwiti msomaji wa vitabu, na kile kiambishi -ji cha mwishoni ndicho kinachobeba mazoea: mwimbaji, mchezaji, mwindaji. Tofauti ni kwamba sisi tunaongeza mwishoni, Waarabu wanakaza katikati.

Jibu hilo ni zuri, ila halitoshi, na mtu mmoja aliliona hilo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Sibawayhi, mwanazuoni mwenye asili ya Uajemi aliyefanya kazi zake Basra katika karne ya 8, aliandika kitabu kikubwa cha kwanza cha sarufi ya Kiarabu kilichotufikia, kitabu ambacho watu walikiheshimu hata wakakiita Kitabu tu, bila jina jingine. Kalibu hii hakuiweka kwenye vitenzi peke yake. Aliieleza pia katika mlango wa nisba, yaani pale anapozungumzia maneno yanayomhusisha mtu na kitu. Mifano yake ni ya sokoni: *thawwaab*, mwenye kazi ya nguo, kutoka *thawb*, nguo, *awwaaj*, mwenye kazi ya pembe za ndovu, kutoka *aaj*, pembe, *jammaal*, mwenye ngamia wa kukodisha, kutoka *jamal*, ngamia. Hapa hakuna tendo lililozidishwa. Hakuna kitenzi cha "kupembe". Kuna bidhaa, na mtu ambaye riziki yake imefungamana na bidhaa hiyo.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo shina la mada nzima. Aliweka kalibu zile mbili ubavu kwa ubavu juu ya nomino ileile. Mishale ni *nabl*. Mtu aliyebeba mishale yake ni *naabil*. Mtu ambaye kazi yake ni mishale, ndiye anayeitengeneza, ni *nabbaal*. Maziwa ni *laban*. Mwenye maziwa nyumbani mwake ni *laabin*. Anayeyauza ni *labbaan*. Mwenye kitu na mfanyabiashara wa kitu ni watu wawili, na lugha imewatenga kwa kukaza herufi moja. Mfugaji wa ng'ombe mmoja Tanga na mwenye duka la maziwa Dar es Salaam wote wana maziwa, lakini kwa macho ya kalibu hii ni mmoja tu kati yao aliye *labbaan*.

Ukirudi sasa kwenye orodha ya vibao vya Muscat unaona kwamba mafundi wamepita milango miwili tofauti. Mshona nguo ameingia kwa tendo la kushona. Mhunzi ameingia kwa kitu: *haddaad* ni mtu wa *hadiid*, chuma. Muuza mboga na vyakula vidogovidogo, *baqqaal*, ni mtu wa *baql*, mboga, na Waturuki wamelichukua neno hilo likawa jina la mwenye duka la rejareja, *bakkal*. Mwoka mikate anaweza kupita mlango wowote, kwa kuwa kh-b-z ni kuoka na ni mkate pia. Misri wana neno jingine kwa mwoka mikate, *farraan*, la kutoka *furn*, yaani tanuri. Kwao anatajwa kwa chombo anachokifanyia kazi, mkate ukiachwa pembeni.

Maneno yetu matatu ya Kiswahili nayo yanagawanyika hivyohivyo. Hamali ni *hammaal*, na mzizi wake ni wa tendo la kubeba, ndugu wa kitenzi chetu kuhimili. Bawabu ni *bawwaab*, na hakuna tendo hapo. Kuna *baab*, mlango, na mtu ambaye mlango ndio kazi yake. (Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walimtumia huyu katika Zaburi ya 84, ndiyo maana Wakristo wengi wa bara wanalijua neno hili hata kama hawajawahi kumwita mlinzi yeyote bawabu.) Dalali ni *dallaal*, wa mzizi wa kuonyesha njia, uleule uliotupa dalili. Kazi yake ya asili ni kumwonyesha mnunuzi mali na kumwonyesha muuzaji mnunuzi. Nizwa, mji wa bara ya Oman, siku ya Ijumaa asubuhi watu huwazungusha mbuzi na ng'ombe katikati ya duara la wanunuzi huku bei ikitangazwa kwa sauti, na aliyezoea minada ya samaki ya Feri, Dar es Salaam, hatahitaji mkalimani wa kumweleza kinachoendelea pale.

Je, kalibu hii ni ya Waarabu wenyewe? Umri wake ni mkubwa kuliko maandishi yoyote ya Kiarabu tuliyonayo. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, kuna kifungu kinachomhusu kinyozi aliyenyoa alama ya utumwa ya mtumwa asiye wake bila idhini ya bwana wa mtumwa huyo. Adhabu yake ni kukatwa mkono. Kinyozi huyo, kwa lugha ya Kiakadi iliyoandikiwa sheria hizo, anaitwa *gallaabum*. Ondoa ile -um, ambayo ni mwisho wa kisarufi tu, na umbo linasimama mbele yako: konsonanti ya kwanza na a fupi, ya kati imekazwa, a ndefu, ya tatu. Kiakadi kilikuwa na *dayyaanu* pia, hakimu, na *sharraaqu*, mwizi. Huyu wa mwisho anaonyesha jinsi tabia na kazi zilivyokaa jirani tangu zamani: mwizi wa mazoea naye alipewa umbo lile la kinyozi.

Seremala ana historia ndefu kupita wote. *Najjaar* ya Kiarabu inafanana na *naggaaraa* ya Kiaramu, na hiyo inatoka katika neno la Kiakadi ambalo nalo limetoka kwa Wasumeri, watu wa kusini mwa Iraki wa leo, waliomwita seremala *nagar*. Kisumeri si ndugu wa Kiarabu hata kidogo. Maana yake ni kwamba neno hili halikuzaliwa ndani ya kalibu. Lilikuja kutoka nje likiwa na sura iliyokaribia, na lugha za Kisemiti zikalikaza katikati likakaa sawa na wenzake. Kwa sababu ya mifano kama hiyo, baadhi ya wataalamu wa lugha wamesema kwamba majina ya kazi ya umbo hili yaliingia Kiarabuni kwa wingi kutoka Kiaramu, lugha ya miji ya Shamu na Iraki palipokuwa na masoko makubwa na mafundi wengi, na kwamba Kiarabu chenyewe kilikuwa na upande wa tabia tu, ule wa *kadhdhaab*. Wengine hujibu kwamba umbo lenye mizizi hata Babeli halihitaji kuazimwa kutoka kwa jirani. Mimi naona hoja ya kwanza ina nguvu kwa neno mojamoja kama seremala, na inapoteza nguvu inapotaka kueleza kalibu nzima. Lugha ikiazima maneno ya kutosha ya sura moja hujifunza kuiunda sura hiyo yenyewe, na mtu wa *thawwaab* na *jammaal* hakuwa na haja ya Kiaramu ili kupata jina.

Kuna kazi ambazo kalibu hii haizigusi, nazo zina la kusema. Mganga ni *tabiib*, kwetu tabibu. Kadhi ni *qaadi*. Gavana ni *waali*, kwetu liwali. Mwandishi wa serikali ni *kaatib*, mfanyabiashara mkubwa ni *taajir*, kwetu katibu na tajiri. Mwalimu ni *mu'allim*, mhandisi ni *muhandis*. Hawa wawili wa mwisho wana sababu ya kisarufi: cha mwalimu ni kitenzi cha umbo lililokwisha kuongezewa herufi, cha mhandisi ni cha mzizi wa konsonanti nne, na kalibu yetu hupenda mzizi mtupu wa konsonanti tatu. Kwa wengine sababu ni ya kijamii. Kwa sehemu kubwa, wenye cheo, kalamu na hukumu wamekaa katika kalibu nyingine, na wenye mikono, moto, mizani na mizigo wamekaa katika *fa''aal*. Kiswahili kimerithi mpangilio huo bila kuusomea. Katibu, kadhi, liwali na tajiri wako upande mmoja wa mji. Hamali, bawabu na dalali wako upande mwingine.

Anayevuruga mpangilio huo ni daktari wa upasuaji. Yeye ni *jarraah*, katika umbo lilelile la mchinjaji na mhunzi, na mzizi wake ni ule uliotupa jeraha na majeruhi. Leo ni miongoni mwa watu wanaoheshimiwa sana katika hospitali yoyote ya Kiarabu. Lakini jina lake linamtaja kwa kazi ya mkono, ya kukata mwili, wakati mwenzake *tabiib* ametajwa kwa elimu ya tiba.

Mafundi pia wameacha majina yao kwa watu ambao hawakushika nyundo. Omar Khayyam wa Nishapur, mwanahisabati na mshairi aliyefariki mwaka 1131, ana jina la mshona mahema, kutoka *khayma*, hema. Al-Hallaj, sufii aliyeuawa Baghdad mwaka 922, ana jina la mchambua pamba. Huku kwetu jina linalosikika zaidi ni la Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyeishi kati ya mwaka 1634 na 1720. Ratibu yake husomwa misikitini na majumbani katika pwani ya Afrika Mashariki hadi Ngazija, na wasomaji wengi huitaja Ratibu ya Haddad bila kujua kwamba wametamka neno la mhunzi.

Sikio letu Waswahili lina udhaifu mmoja mbele ya kalibu hii, nao unafaa kujulikana na kila anayejifunza Kiarabu. Kiswahili hakikazi konsonanti za maneno ya mkopo na hakitofautishi a fupi na a ndefu. *Dallaal* ilipofika pwani ilipoteza shada, a zake zikalingana, ikaongezwa irabu ya mwisho, ikawa dalali. Irabu hiyo ya mwisho kwa kawaida ni i, lakini baada ya konsonanti ya midomo kama b hupendelea kuwa u, ndiyo maana ya bawabu na katibu. Kilichobaki cha kututambulisha kalibu ni irabu za katikati. Dalali, hamali, fatani, ayari: a hufuatwa na a. Tajiri, katibu: a hufuatwa na i, alama ya *faa'il*. Usiifanye sheria kali. Askari ana a mbili na si wa ukoo huu, kwa kuwa neno lake limeundwa kutoka *askar*, jeshi, kwa kiambishi cha nisba. Haramu naye hana shada yoyote katika asili yake.

Hasara ya kupoteza shada huonekana pale mtu anaporudi kwenye Kiarabu chenyewe. *Jamaal* ni uzuri, na ni jina la vijana wengi wa Mombasa na Tanga. *Jammaal* ni mwenye ngamia wa kukodisha. *Khayaal* ni mawazo ya kufikirika. *Khayyaal* ni mpanda farasi. *Hamaam* ni njiwa, na *hammaam* ni bafu, neno lililokaa katika kalibu yetu ingawa si mtu. Vibao vya madukani havikusaidii, kwa kuwa Kiarabu cha kawaida huandikwa bila shada na bila irabu fupi; msomaji ndiye anayejaza. Mtu akikuuliza uko wapi nawe ukamjibu kwamba uko ndani ya *hamaam*, umemwambia uko ndani ya njiwa. Dawa yake ni ya mdomo: tua juu ya m, hesabu kimoyomoyo mpigo mmoja, halafu endelea. Wanaosoma Kurani kwa tajwidi wana mazoezi hayo tayari, na kwa hiyo huwa wepesi kuliko wenzao katika jambo hili.

Dereva wetu wa Jeddah ataona jambo jingine siku atakapochunguza karatasi zake. Nyumbani anaitwa *sawwaaq*, lakini katika kibali chake ameandikwa *saa'iq*, kwa kalibu ile ya *faa'il*. Kiarabu rasmi cha leo kimechagua *saa'iq* kwa kazi ya udereva, na mitaa imeendelea na *sawwaaq*. Yote mawili ni sahihi mahali pake. Mzizi wenyewe una umri kuliko gari: *saaqa* ilikuwa kuswaga wanyama ukiwa nyuma yao, na waandishi wa kamusi za kale waliihusisha hata *suuq*, ndugu wa soko letu, na mifugo na bidhaa zinazoswagwa kupelekwa huko.

Kalibu hii haijafungwa. Ukiitia *-a* ya kike mwishoni unapata kwanza mwanamke mwenye kazi hiyo, *khayyaata*, mshonaji wa kike. Halafu unapata mashine. *Ghassaala*, kutoka mzizi wa kuosha uliotupa josho la ghusli, anaweza kuwa dobi wa kike, lakini leo karibu kila anayelitamka anamaanisha mashine ya kufulia. *Thallaaja*, kutoka *thalj*, barafu, ni jokofu. Katika nchi kadhaa za Kiarabu simu ya mkononi imeitwa *jawwaal*, mzururaji, mwenye kuzunguka huku na huko. *Sayyaara*, kitu chenye kwenda na kwenda, ni msafara katika kisa cha Nabii Yusuf, wale waliomtoa kisimani; wanajimu wakawapa jina hilo nyota zinazohama mahali angani; karne ya 20 ikalihamishia kwenye gari. Sisi tulilichukua likiwa bado angani, likawa sayari. Na *tayyaara*, chenye kuruka, ambayo kwa Waarabu wa leo ni ndege ya abiria, kwetu ni tiara, ile ya karatasi na uzi wanayorusha watoto.